Kosa hukaa pale ukurasa unapogeuzwa

Ukikaa na kaunta buku ya mizani katika stoo ya mahindi hapa Busia, upande wetu wa Uganda, utaona kwamba karani hakosei sana kujumlisha. Siku hizi kila mtu ana simu yenye kikokotoo, na hata wasio nacho wamezoea namba hizi za tisini na kitu na mia na kitu mpaka wanazijumlisha huku wanapiga soga. Kosa linaloumiza watu huzaliwa katika sekunde mbili ambazo hakuna hesabu yoyote inayofanyika. Ni pale karani anapoitazama jumla iliyo chini ya ukurasa uliojaa, anageuza karatasi, kisha anaiandika juu ya ukurasa mpya. Hajumlishi wala hatoi, ananakili tu. Kwa sababu ananakili tu, hakuna anayemwangalia.

Nitaeleza kwanza ukurasa wenyewe ulivyo, maana kila stoo ina mtindo wake. Huu ninaousema ndio niliouona ukitumika zaidi kwenye shehena ya lori moja. Karani anachora safu wima nne, kila safu mistari kumi, kwa hiyo ukurasa mmoja unabeba gunia 40. Kila gunia likipanda mizani, msomaji anataja uzito, karani anauandika. Safu ikijaa anaijumlisha chini yake. Safu zote nne zikijaa anaziunganisha kupata jumla ya ukurasa. Juu kabisa ya ukurasa, mkono wa kulia, kuna namba iliyoletwa kutoka ukurasa uliopita, ile makarani wanaiita bi-efu. Chini kabisa kuna namba inayopelekwa mbele, si-efu, ambayo ni ile iliyoletwa ikiongezwa jumla ya ukurasa huu. Ukurasa wa kwanza hauna kilicholetwa, na wa mwisho si-efu yake ndiyo uzito wa mzigo mzima.

Faida ya kubeba jumla namna hii ni kwamba wakati wowote unajua lori limefikia wapi. Mnunuzi akitaka tani 20, karani anatazama namba ya mwisho tu na kusema bado gunia ngapi. Hasara yake ni kwamba kila ukurasa unauamini uliotangulia bila kuuliza. Namba ikiharibika wakati wa kuvuka kutoka ukurasa wa tatu kwenda wa nne, basi wa nne, wa tano na kurasa zote zinazofuata zitaibeba kwa uaminifu uleule, na kila ukurasa ukiukagua peke yake utaukuta safi.

Hilo ndilo lililotokea katika shehena moja ya gunia 200, kurasa tano kamili. Mwenye mahindi alikuwa mama wa makamo, mnunuzi alikuwa amemtuma karani wake, na makubaliano yalikuwa tani 20. Jumla za kurasa zenyewe, bila kilicholetwa, zilikuwa hivi: ukurasa wa kwanza kilo 3,962, wa pili 4,018, wa tatu 3,987, wa nne 4,035, na wa tano 3,994. Karani alipomaliza gunia la mwisho la ukurasa wa tano, namba iliyokuwa chini ilisoma 19,726.

"Mama, bado kilo 274. Walete gunia tatu zaidi," akasema.

"Mwanangu, gunia hizi zote zinagonga mia. Mia mbili zimeshaingia, tatu za nini tena?"

Mama huyu hakuwa na daftari. Alikuwa na kijana wake mlangoni mwa lori, ambaye kwa kila gunia lililopita alichora kijiti, na kwa kila la tano akavikata vile vinne kwa mstari mmoja wa kulala. Hesabu yake ilisema mafungu 40 ya tano tano, yaani gunia 200. Karani akakubali kwamba gunia ni 200, ila akashikilia uzito wake. Akaurudia ukurasa wa tano kwa kikokotoo: ukatoka sawa. Akaurudia wa nne: 11,697 zilizoletwa, ongeza 4,035, inakuja 15,732. Sawa kabisa. Alikuwa mkweli, na hesabu aliyoifanya ilikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba alikuwa anakagua kujumlisha, na kosa halikuwa katika kujumlisha.

Hapa pana jambo ambalo nataka kila anayepima mazao alishike. Mama alilihisi bila kuliweka katika namba. Gawanya 19,726 kwa gunia 200, unapata wastani wa kilo 98.63 kwa gunia. Sasa gawanya kila ukurasa kwa gunia 40 zake. Ukurasa mwepesi kuliko wote ni wa kwanza, 3,962, na wenyewe una wastani wa 99.05. Kurasa nyingine zote ziko juu ya hapo. Wastani wa mzigo mzima hauwezi kuwa chini ya wastani wa ukurasa ulio mwepesi kuliko zote, kwa namna yoyote ile. Namba hizo mbili zikikutana hivyo, huhitaji kujumlisha tena hata gunia moja ili ujue kwamba kilo zimepotea njiani kati ya kurasa.

Kujua kiasi kilichopotea kunahitaji njia ya pili ya kufikia jumla, isiyopita kwenye zile namba zilizobebwa. Njia rahisi ni kuchukua jumla tano za kurasa peke yake na kuziunganisha pembeni. Kwa kuwa gunia zinacheza karibu na mia, na kila ukurasa una gunia 40, mimi hupenda kuhesabu kila ukurasa umepungua au umezidi kiasi gani kutoka 4,000. Wa kwanza umepungua 38, wa pili umezidi 18, wa tatu umepungua 13, wa nne umezidi 35, wa tano umepungua 6. Ukipanga zilizozidi upande mmoja, ni 53. Zilizopungua ni 57. Kwa hiyo mzigo umepungua kilo 4 tu kutoka 20,000, yaani kilo 19,996. Hesabu hii unaifanya umesimama, bila simu, na namba zake ni ndogo kiasi kwamba hata ukichoka huzikosei kirahisi.

Basi 19,996 toa 19,726 ni 270. Tuseme kilo ni shilingi 1,000, huo ni upungufu wa shilingi 270,000 kwa mama. Na kama zile gunia tatu zingepakiwa, lori bado lingebeba kilo 270 ambazo hazimo katika jumla ya kitabu, mama angezitoa bure, na dereva angefika kwenye mizani ya barabarani na uzito asioujua.

Namba 270 yenyewe inazungumza ukiisikiliza. Inagawanyika kwa tisa bila baki. Tofauti ya namna hiyo humfanya mkaguzi ashuku kwanza kwamba tarakimu mbili zinazofuatana zimebadilishana nafasi, kwa sababu kubadilishana kwa aina hiyo sikuzote huleta tofauti inayogawanyika kwa tisa. Unaweza kwenda mbali zaidi. Zikibadilishana tarakimu ya mamia na ya makumi, tofauti huwa ni 90 mara pengo lililo kati ya tarakimu hizo mbili. Hapa 270 ni 90 mara tatu. Kwa hiyo unatafuta namba ambayo mamia yake na makumi yake yanapishana kwa tatu, na kwa kuwa jumla imepungua, mamia ndiyo yawe makubwa.

Ukizipitia namba zilizoandikwa chini ya kurasa ambazo zilitakiwa kuvuka, zinabaki mbili tu za kushuku: 3,962 ya ukurasa wa kwanza, na 11,967 ya ukurasa wa tatu. Zote mbili zina tisa na sita mahali hapo. Unafungua ukurasa wa pili, juu imeandikwa 3,962, salama. Unafungua wa nne, juu imeandikwa 11,697. Ndilo hilo. Karani alisoma moja moja tisa sita saba, mkono ukaandika moja moja sita tisa saba.

Niongeze kidogo kuhusu tisa, kwa sababu kuna wazee wa hesabu wanaotumia jaribio la kujumlisha tarakimu na kutupa tisa, na wanaliamini kupita kiasi. Jaribio lenyewe ni zuri. Unajumlisha tarakimu za kila namba mpaka ibaki moja, ikiwa tisa unaihesabu sifuri, kisha unaangalia kama jumla ya vipande inalingana na kipande cha jumla. Kurasa zetu tano zinatoa 2, 4, 0, 3 na 7, ambazo pamoja ni 16, yaani 7. Jumla ya kweli, 19,996, nayo inatoa 34, yaani 7. Imepita. Sasa jaribu ile ya uongo: 19,726 inatoa 25, nayo ni 7. Imepita pia! Kosa linalotofautiana na ukweli kwa kiasi kinachogawanyika kwa tisa halionekani kabisa katika jaribio hili, na kugeuza tarakimu ndilo kosa la kunakili ambalo mkono uliochoka hulifanya kwa urahisi sana. Kwa hiyo tisa ni mwindaji mzuri mara tu unapojua tofauti ni ngapi, lakini ni mlinzi mbovu wa mlango wa ukurasa.

Ulinzi wa mlango ni kusoma kwa sauti, na namna ya kusoma ina maana. Ukisema "elfu kumi na moja mia tisa sitini na saba", sikio la mwenzako linaijenga namba hiyo upya kichwani, na katika kuijenga linaweza kuirekebisha bila kujua. Ukisema tarakimu moja moja, kila moja inasimama yenyewe. Karani aandike kwanza juu ya ukurasa mpya, kisha arudi nyuma na kuisoma kutoka kule chini ya ukurasa wa zamani, mwenzake akiitazama ile mpya. Wengi hufanya kinyume, wanasoma kutoka kumbukumbu ya walichoandika sasa hivi, na hapo wanajikagua wenyewe tu. Alama ndogo ya tiki iwekwe kando ya namba zote mbili, kule ilikotoka na kule ilikofika. Tiki ya upande mmoja haina kazi.

Sasa, daraja hilo la kutoka ukurasa hadi ukurasa likiwa zima, bado hatujasema lolote kuhusu ukurasa wenyewe. Namba inaweza kuvuka vizuri kabisa ikiwa tayari ina kosa. Turudi kwenye ukurasa wa tatu, safu ya kwanza, ambayo gunia zake zilikuwa 98, 101, 97, 103, 99, 100, 102, 96, 101 na 98. Jumla yake ni 995. Safu tatu zilizobaki zilikuwa 1,002, 987 na 1,003. Zote nne pamoja ni 3,987. Ili kuhakikisha, unajumlisha ukurasa huohuo kwa kulala: mstari wa kwanza wa gunia nne, wa pili, mpaka wa kumi, kisha unaziunganisha jumla kumi za mistari. Zikitoa 3,987 na safu wima zimetoa 3,987, kujumlisha kwako ni sahihi. Zikitofautiana kwa 10 au 100 kamili, mara nyingi ni kumi au mia iliyobebwa kichwani ikasahaulika, au ikabebwa mara mbili. Tofauti ikiwa ni uzito wa gunia moja, mathalani 96, basi kuna gunia lililorukwa au kuhesabiwa mara mbili, na wewe tafuta 96 katika ukurasa.

Jambo moja lazima lisemwe wazi hapa: andika jumla ya ukurasa peke yake, katika mstari wake, kabla ya kuongeza kilicholetwa. Nimeona vitabu vingi ambamo karani anaanza safu ya kwanza kwa kuiweka ile namba iliyoletwa kama gunia la kwanza, kisha anajumlisha yote kwa pamoja mpaka chini. Jumla ya mwisho inaweza kuwa sahihi kabisa, lakini ukurasa hauna tena uzito wake wenyewe, na ukaguzi wote nilioueleza, wa wastani, wa kupungua na kuzidi, wa kuunganisha kurasa pembeni, unakufa hapohapo. Kitabu cha namna hiyo kikipatwa na shaka, dawa ni kukijumlisha chote upya tangu gunia la kwanza.

Hesabu ya gunia nayo ibebwe kando ya kilo, kwa mtindo uleule wa kuletwa na kupelekwa: 40, 80, 120, 160, 200. Watu huidharau kwa kuwa ni nyepesi. Lakini uzito wa magunia matupu hukatwa kwa idadi. Kama mmekubaliana kukata nusu kilo kwa kila gunia, gunia 200 zinaondoa kilo 100, na aliyeandika 210 ameondoa 105. Zaidi ya hapo, hesabu ya gunia ndiyo pekee yenye shahidi wa nje, yule kijana wa vijiti mlangoni. Ukurasa wa safu nne ukiwa na nafasi moja tupu katikati, au kurasa mbili zilizogandamana zikageuzwa kwa pamoja, kijana huyo ndiye atakayekwambia.

Kuna kosa ambalo hakuna hata moja ya njia hizi itakayolikamata, na ni haki msomaji ajue. Gunia likiwa kilo 98 kwenye mizani na karani akaandika 89, safu wima zitakubaliana na mistari, kurasa zitakubaliana na jumla, daraja litakuwa zima, na kilo 9 zimekwenda. Ukaguzi wa karatasi hukagua karatasi tu. Dawa yake iko kwenye mizani: msomaji ataje, karani airudie kwa sauti kabla ya kuandika, na kila upande uwe na daftari lake. Wauzaji wengine wanaona aibu kuleta karani wao, wanadhani ni kumtuhumu mnunuzi. Naona aibu hiyo haina msingi. Madaftari mawili yakilinganishwa mwisho wa kila ukurasa, gunia 40 tu ndizo za kutafutwa ndani yake na magunia bado hayajafunikwa na mengine. Yakilinganishwa mwisho wa lori, mnatafuta ndani ya gunia 200 zilizokwisha kupangwa hadi juu, na hakuna mpakiaji atakayekubali kuzishusha ili uzito mmoja urudiwe.

Kurekebisha kuna utaratibu wake. Kosa la 11,697 lilizaliwa mahali pamoja lakini limeandikwa mara nne: juu ya ukurasa wa nne, chini yake, juu ya wa tano, na chini yake. Zote nne zikatwe kwa mstari mmoja unaoacha namba ya zamani isomeke, ile ya kweli iandikwe juu yake, na pande zote mbili zitie sahihi ndogo kando: 11,967, halafu 16,002, halafu 16,002 tena, halafu 19,996. Kuandika juu ya tarakimu ili sita igeuke kuwa tisa ni kuharibu ushahidi hata kama nia ni njema. Kama nakala ya kaboni ya ukurasa imeshachanwa na kupewa muuzaji, msiguse kurasa za zamani. Wekeni mstari mmoja chini ya jumla ya mwisho, katika nakala zote mbili, useme ongeza kilo 270, tazama kuvuka kutoka ukurasa wa tatu kwenda wa nne, na sahihi zikae hapo.

Kwa yule ambaye hana daftari wala karani, kama mama yule, bado kuna la kufanya. Asiombe kuoneshwa jumla kubwa. Amwombe karani amsomee jumla za kurasa tu, moja baada ya nyingine, na mtu wake aziandike kwenye simu. Shehena ya lori zima ni namba tano. Azijumlishe mwenyewe kabla ya pesa kuhesabiwa, kisha ndipo aulize namba iliyo chini ya ukurasa wa mwisho. Katika shehena ile ilichukua muda mfupi kuliko wapakiaji walivyotumia kunywa chai, karani akaikata namba yake bila ubishi, na mama akalipwa kwa 19,996, ikikatwa ile nusu kilo ya kila gunia.